Umevalishwa suti mtandaoni bure. Picha yako imebaki kwa nani?

Msimu wa kutafuta atachi ukifika, LinkedIn hujaa vijana waliovaa suti ambazo hawajawahi kuzigusa. Ukikaza macho utaona kola imezama shingoni, kifungo kimoja kina matundu matano na tai imekatika katikati kama barabara ya mashambani. Siwalaumu. Suti ya maana si bei ya mchezo, na mwajiri anataka picha leo jioni. Basi unafungua tovuti, unapakia selfi yako ya hudi, unachagua koti, na baada ya nusu dakika umetoka mtanashati kama meneja wa benki. Bure kabisa.

Kila mtu huangalia picha iliyotoka. Mimi nataka tuifuate ile iliyoingia.

Kwanza elewa kwamba simu yako haikufanya kazi yoyote hapo. Picha ilisafiri hadi kwenye seva, mara nyingi nje ya nchi, ambako programu ya akili unde ilitenga sehemu ya nguo kwa kinyago, ikaifuta, kisha ikachora koti jipya juu ya mwili wako kwa kubahatisha mikunjo, kivuli na umbo la mabega. Kazi hiyo inahitaji kadi ya michoro yenye nguvu, na kadi za aina hiyo hukodishwa kwa saa. Kila picha unayotengenezewa bure kuna mtu aliyeilipia umeme na mtambo. Anaweza kuzirudisha pesa zake kwa matangazo, au kwa kukubembeleza ulipie toleo la juu. Anaweza pia kubaki na picha zenyewe na kuzitumia kufundishia programu yake, na mara nyingi wewe mwenyewe ndiye uliyempa ruhusa ulipobonyeza "I agree" bila kusoma.

Tuseme ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeishi bedsita kule Juja. Amejipiga picha saa mbili usiku akiwa amesimama mbele ya kitanda. Anachokiona yeye ni uso, hudi na ukuta. Faili yenyewe ina mambo mengine. Ndani yake kuna maelezo yanayoitwa EXIF: aina ya simu, tarehe na saa, na kama kamera imeruhusiwa kutumia mahali, kuna nambari za ramani zinazoweza kuonyesha ploti anayokaa, wala si mtaa tu. Simu mpya za Android huziondoa nambari hizo katika baadhi ya njia za kupakia, lakini ukihamishia faili kwenye kipakatalishi na kuipakia kutoka huko, kwa kawaida huenda nzima nzima. Halafu kuna vilivyo nyuma yake kwenye picha: kitambulisho cha chuo kilichoning'inia msumarini, risiti ya kodi iliyobandikwa ukutani, rafiki aliyelala kitandani bila kujua anapigwa picha.

Kisha tovuti inamwambia aingie kwa akaunti yake ya Google. Sasa uso una jina na barua pepe, na anwani ya mtandao aliyotumia imeandikwa pia. Akiandika maagizo kama "nivalishe suti ya bluu, nipunguze tumbo kidogo", maneno hayo nayo yanaweza kuhifadhiwa kando ya picha. Watu husahau hilo. Kuna mambo tunayoiambia mashine kuhusu miili yetu ambayo hatungemwambia hata rafiki wa karibu.

Picha iliyotengenezwa huwekwa mahali fulani ili kivinjari chako kiionyeshe, na mahali hapo pana kiungo. Baadhi ya tovuti hufunga kiungo hicho vizuri, kiasi kwamba hakifunguki bila akaunti yako na hufa baada ya muda mfupi. Nyingine huacha mlango wazi, na yeyote mwenye kiungo anaingia. Hili unaweza kulipima mwenyewe, na huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Usianze na picha yako. Piga picha ya mwanasesere wa dukani aliyevishwa nguo, au pakua picha ya sanamu yoyote, kisha uipakie. Matokeo yakitoka, bonyeza picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nakili anwani yake, halafu uifungue kwenye dirisha la Incognito ambako hujaingia akaunti yoyote. Ikifunguka, basi picha yako ingekuwa wazi kwa yeyote atakayeipata anwani hiyo. Rudi ubonyeze kitufe cha kufuta, ungoje siku moja mbili, kisha ufungue kiungo kilekile. Mwanasesere akiwa bado amesimama pale na suti yake, umeshajua neno "Delete" lina uzito gani kwa kampuni hiyo. Ila usilale ukidhani kufa kwa kiungo ni ushahidi kwamba nakala zote zimefutwa. Kipimo hiki kinaweza kumnasa mzembe. Hakiwezi kumsafisha mtu.

Usione kama natisha watu. Mnamo 2019, apu ya FaceApp ilipovuma kwa kuzeesha nyuso, watu walishtuka kusoma kwamba masharti yake yaliipa kampuni ruhusa ya kudumu ya kutumia picha zao. Kampuni ilijitetea kuwa picha nyingi hufutwa kwenye seva ndani ya saa 48. Huenda ni kweli, lakini angalia tofauti: masharti yalisema jambo moja na maelezo kwa waandishi wa habari yakasema jingine, na kinachokufunga wewe ni masharti.

Mwanzoni mwa 2021, tume ya biashara ya Amerika, FTC, ilifikia makubaliano na kampuni ya Everalbum, iliyokuwa na apu ya kuhifadhi picha iitwayo Ever. Watumiaji waliofunga akaunti zao waliahidiwa kwamba picha zingefutwa. Hazikufutwa. Isitoshe, kampuni ilikuwa imetumia picha za watu kutengeneza teknolojia ya kutambua nyuso. FTC iliagiza picha hizo zifutwe, na pia programu zilizofundishwa kwa picha hizo. Sehemu ya mwisho ndiyo nzito. Picha ikishaingia kwenye mafunzo ya programu, kufuta faili pekee hakuiondoi. Ni kama kutaka kutoa chumvi kwenye sufuria ya maharagwe yaliyokwisha kuiva.

Kisha 2025 mtafiti mmoja wa usalama akakuta hifadhi ya tovuti ya GenNomis, ya kampuni ya Korea Kusini iliyotoa huduma za kutengeneza picha na kubadilisha nyuso, ikiwa wazi mtandaoni bila nywila. Ilikuwa na zaidi ya faili 90,000, picha pamoja na faili za maandishi za mfumo. Nyingi kati ya picha hizo zilikuwa za uchi zilizobuniwa na mashine, na nyingine zilionekana kuwa za watoto. Hakuna mdukuzi aliyevunja kitu pale. Mtu alisahau kufunga mlango.

Na hapo ndipo mambo yanakuwa mazito kwa wasichana hasa, ingawa wavulana nao hawajasazwa. Teknolojia inayofuta hudi na kuchora koti ndiyo hiyohiyo inayoweza kufuta hudi na kuchora ngozi. Ikitumiwa hivyo, kinachotoka si mwili wako halisi, ni ubunifu, lakini uso ni wako na anayekutisha kwa picha hiyo hajali tofauti. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inamwekea anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine faini ya hadi Sh200,000, kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Ni vizuri kujua hilo, japo mahakama huja baada ya picha kuzunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya darasa.

Kuna wanaouliza: picha zangu ziko Instagram tayari, shida iko wapi? Swali zuri, na jibu linategemea picha. Kama ni ileile picha ya uso uliyoiweka hadharani, kuipakia hakuongezi hatari kubwa. Lakini picha tunazopeleka kwenye tovuti za kubadilisha nguo kwa kawaida ni zile tulizokataa kuziweka Instagram. Ni za mwili mzima, umesimama wima, mwanga mzuri, nguo za kubana ili programu ione umbo, na mara nyingi ziko nne au tano kwa sababu ya kwanza haikutoka fiti. Ukimwambia mtu akukusanyie malighafi ya kutengeneza picha bandia yako, hatakuletea zilizo bora kuliko hizo.

Sasa, unaitaka suti na kesho ni siku ya mwisho. Kuna njia ya katikati ambayo naipenda kwa sababu haihitaji mtambo wa bei: usipeleke kichwa. Programu ya mavazi inahitaji shingo, mabega na kiwiliwili. Uso haina kazi nao. Tengeneza nakala ya picha, funika uso kwa boksi jeusi, pakia nakala hiyo, halafu koti likishachorwa urudishe kichwa chako kwenye kipakatalishi au simu kwa programu yoyote ya kuhariri picha isiyohitaji mtandao. Boksi liwe jeusi tititi. Ile kalamu ya kuangazia maandishi kwenye simu huacha rangi inayopenyeka, na mtu akiongeza mwangaza uso unatokea. Kuufifiza kwa ukungu pia hakutoshi. Hifadhi nakala kama JPEG ili boksi na picha viwe kitu kimoja. Kabla ya hapo ondoa maelezo ya EXIF. Njia rahisi ni kupiga skrinshoti ya picha na kutumia skrinshoti hiyo, au kujitumia picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Ukiituma kama "Document" inaenda na maelezo yake yote. Kwa wale wanaopenda kuandika amri kwenye kipakatalishi, programu ya bure ya ExifTool humaliza kazi kwa mstari mmoja:

```
exiftool -all= picha.jpg
```

Huacha faili ya awali kando ikiwa na mkia wa `_original`, kwa hivyo angalia usije ukapakia hiyo.

Njia hii ina kasoro zake. Tovuti nyingine hukataa picha isiyo na uso, na nyingine huchora uso wa mtu mwingine juu ya boksi, kichekesho. Mara nyingi tatizo liko kwenye kola, pale ngozi ya shingo inapokutana na shati. Ukiacha shingo yote wazi chini ya boksi, kuunganisha kunakuwa rahisi.

Kuna pia wanaohangaika na akili unde bure tu. Kama tayari umevaa koti la kijani na unataka liwe la bluu, huhitaji mashine ya kubahatisha. GIMP ni programu ya bure inayofanya kazi hata kwenye kipakatalishi kizee. Zungushia koti kwa Free Select, lainisha kingo kwa Feather kiasi kidogo, kisha nenda Colors, halafu Hue-Saturation, uvute rangi hadi uridhike. Shati jeupe ndilo halikubali, kwa sababu nyeupe haina rangi ya kugeuza.

Ukitaka koti jipya kabisa na hutaki picha itoke mlangoni, hapo ndipo zana ya kufanya kazi kwenye mashine yako inapoingia. Mfano mmoja ni Fooocus, ambayo ni ya bure na inatumia programu za aina ya Stable Diffusion. Inataka kompyuta yenye kadi ya Nvidia ya kumbukumbu ya angalau GB4, na kumbukumbu ya kawaida ya GB8. Ukiipakua na kuifungua mara ya kwanza, hushusha faili kubwa ya zaidi ya GB6, na ukianza kubadilisha nguo huongeza nyingine. Weka akilini kama GB10 kwa jumla. Usithubutu kutumia bando la siku; kwenda na kipakatalishi kwenye Wi-Fi ya chuo ni busara.

Ikishamaliza kushusha kila kitu, fungua sehemu ya Input Image, uchague Inpaint or Outpaint, uweke picha yako, upake brashi juu ya hudi hadi ifunikwe yote na ipite kidogo kwenye kingo, kisha uandike kwa Kiingereza unachotaka, kwa mfano `navy blue suit jacket, white shirt`. Kwa kadi ndogo utangoja. Mikono ikionekana kwenye picha, jiandae kupata vidole sita. Afadhali ukate picha kifuani.

Kabla hujaweka picha yako humo, zima Wi-Fi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko tangazo lolote. Zana ikiendelea kuchora bila mtandao, basi kazi inafanyika mezani kwako. Ikigoma au ikazunguka bila kikomo, picha ilikuwa inaelekea kwingine. Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu kuwa na programu kwenye kompyuta hakumaanishi kazi inafanyika kwenye kompyuta. Generative Fill ya Photoshop, kwa mfano, kwa kawaida hupeleka kazi kwenye seva za Adobe ingawa Photoshop yenyewe umeiweka kwako. Apu nyingi za simu nazo ni dirisha tu. Na ukiendesha zana ileile ya bure kupitia Google Colab au ukurasa wa majaribio wa Hugging Face, unatumia kompyuta ya mtu mwingine, haidhuru msimbo ni wa wazi kiasi gani.

Zana hizi hufunguka ndani ya kivinjari, jambo linalowachanganya wengi. Angalia anwani juu. Ikianza na `127.0.0.1`, uko nyumbani. Lakini ukimfuata jamaa wa YouTube anayekwambia uanzishe programu kwa kuongeza `--share`, umefungua kiungo cha nje ambacho mtu mwingine anaweza kukitumia kuingia kwenye zana yako. `--listen` nayo huifungulia mashine nyingine zilizo kwenye mtandao wenu, na kwenye Wi-Fi ya hosteli hiyo ni watu wengi. Faili za programu zenyewe zichukue zenye mkia wa `.safetensors`. Zile za zamani za `.ckpt` zinaweza kubeba msimbo unaojiendesha ukizifungua.

Je, zana ya nyumbani ni salama zaidi kila mara? Hapana. Saiba ya mtaani haihesabiki kuwa nyumbani hata kidogo. Ukihariri picha pale, inabaki kwenye folda ya matokeo, na atakayeketi kiti hicho baada yako anaiona. Hata kwenye kipakatalishi chako, Fooocus huhifadhi kila jaribio kwenye folda ya `outputs`, pamoja na yale kumi na mawili uliyoyachukia. Kama mnashiriki mashine na mwenzako wa chumba, au haina nywila na siku moja ikapokonywa kwenye matatu, umehamisha hatari tu. Na kama njia pekee unayoiweza ni kupakua APK kutoka kiungo cha Telegram kinachoahidi "bila mtandao", afadhali tovuti yenye jina na anwani.

Mimi ningegawa hivi. Picha ya uso iliyo hadharani tayari, peleka kwenye tovuti iliyofaulu kipimo cha mwanasesere, uendelee na maisha. Picha ya mwili mzima, iweke kichwa pembeni kwanza. Picha ya nguo za kuogelea, za kulala, ya mtoto wa dada yako, au yenye mtu mwingine ambaye hakuulizwa, ifanyie kazi kwenye mashine yako ikiwa imezimwa mtandao, au usiifanyie kazi kabisa.

Na kama ulishapakia mwaka jana na sasa ndio unakumbuka, bado una la kufanya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kudai data yako ifutwe, na inagusa hata kampuni ya nje inayoshughulikia data ya watu walio Kenya. Tafuta barua pepe kwenye ukurasa wao wa Privacy Policy, uandike siku uliyopakia, akaunti uliyotumia, na ombi kwamba picha ya awali, matokeo na maandishi yako yafutwe. Fanya hivyo kabla ya kufunga akaunti, maana baadaye hutakuwa na njia ya kuonyesha ilikuwa yako. Piga skrinshoti za kila kitu. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria inapaswa kuyachunguza na kuyamaliza ndani ya siku 90.

Ofisi hiyo ina meno kwa walio karibu. Mnamo 2023 iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe jijini Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Kwa tovuti isiyo na ofisi, jina la mkurugenzi wala nchi inayojulikana, meno hayo hayafiki mbali. Kwa hivyo kabla ya kupakia chochote, shuka hadi chini kabisa ya ukurasa utafute jina la kampuni na nchi yake. Ukikosa, huna hata pa kuipeleka barua.